Uvimbe mgumu usiouma ndani ya korodani moja: kwa nini upimwe wiki hii, si mwezi ujao

Kijana mwenye korodani inayouma vikali hahitaji kubembelezwa aende hospitali. Maumivu yenyewe humtoa kitandani. Uvimbe usiouma ndio hukaa miezi. Anaukuta akioga, anaubonyeza, hausemi kitu, anaona haya kumweleza mtu, basi anauacha. Baada ya wiki kadhaa anaubonyeza tena na kujiambia kwamba kama ungekuwa jambo baya, ungeuma.

Kwenye korodani hesabu hiyo huenda kinyume. Uvimbe mgumu, usiouma, uliomo ndani ya korodani yenyewe, kwa mwanamume wa kati ya miaka 15 na 40 hivi, huhesabiwa na madaktari kuwa saratani mpaka vipimo viseme vinginevyo. Hii haina maana kwamba kila uvimbe unaoonekana kwenye mfuko wa korodani ni saratani. Uvimbe mwingi wa eneo hilo si saratani kabisa. Ina maana kwamba uvimbe wenye sifa hizo haufai kutazamiwa, kukandwa wala kumezewa vidonge kabla ya kupimwa. Nchini Uingereza, hadi 2023, mwongozo wa kitaifa ulitaka mwanamume ambaye korodani yake imekua bila kuuma, au imebadilika umbo au ugumu, aelekezwe kwa bingwa aonwe ndani ya wiki 2. Huku kwetu foleni na umbali vinaweza kuurefusha muda huo, na ndiyo sababu ya kuanza safari mapema.

Kwa nini hauumi

Tishu ya ndani ya korodani ni vijirija vyembamba vinavyotengeneza mbegu, vimefungwa ndani ya ganda jeupe, gumu na lisilonyumbuka kirahisi. Maumivu makali ya korodani huja pale ganda hilo linapotanuliwa kwa ghafla, damu inapokatika, au maambukizi yanapoleta uvimbe na joto. Saratani inayoanzia kwenye seli za mbegu haifanyi hivyo. Inaota taratibu ndani ya tishu, inasogeza vijirija pembeni, na ganda linapata muda wa kuzoea. Mwenye nayo huhisi uzito tu upande mmoja, au kitu kinachovuta kinenani mwishoni mwa siku. Wengine hawahisi lolote.

Ipo mara chache inapouma, hasa damu ikivuja ndani ya uvimbe. Kwa hiyo maumivu hayaondoi saratani, kama ambavyo kutouma hakumaanishi usalama.

Lakini taratibu hiyo isipumbaze. Baadhi ya aina za saratani hii hujiongeza ujazo mara mbili ndani ya mwezi mmoja au chini ya hapo. Kidole hakipimi ujazo, kinapima upana. Uvimbe wa sentimita 1 ukifika sentimita 2, mkononi unaonekana umeongezeka kidogo, ilhali ujazo wake umekuwa mara 8, yaani umejirudufu mara 3. Kijana anayesema kwamba uvimbe umekua kidogo tu tangu Ramadhani anaeleza, bila kujua, ukuaji mkubwa mno.

Upo ndani ya korodani au pembeni yake?

Hili ndilo swali la kwanza, na mtu anaweza kuanza kulijibu mwenyewe nyumbani. Baada ya kuoga kwa maji ya moto mfuko hulegea. Shika korodani moja kwa mikono miwili, vidole vya shahada na vya kati chini yake, vidole gumba juu, kisha uizungushe polepole kati ya vidole. Korodani ya mtu mzima ina urefu wa sentimita 4 hadi 5, ni laini juu, imara ndani, kama yai lililochemshwa na kumenywa. Nyuma yake, kuanzia juu kushuka hadi chini, utagusa kitu laini, chembamba, chenye vikunjo. Hicho ni kirija cha kuhifadhia mbegu, ambacho madaktari hukiita epididimisi. Wengi hukigusa mara ya kwanza wakadhani wamepata uvimbe. Kilinganishe na cha upande wa pili: kikiwepo pande zote mbili mahali pale pale, ni maumbile. Si ajabu pia korodani moja kuning'inia chini kuliko nyingine au kuizidi kidogo ukubwa.

Kinachotia shaka ni sehemu ngumu iliyoshikana na mwili wa korodani wenyewe, ambayo huwezi kuitenga kwa vidole. Inaweza kuwa kinundu kimoja, au korodani nzima kuwa ngumu na nzito kuliko mwenzake. Kuna wakati korodani haikui; inabadilika tu umbo au inapoteza ule ulaini wake.

Vitu vingine vya eneo hilo vina tabia zao. Mishipa ya damu iliyotanuka hukaa juu ya korodani, mara nyingi kushoto, huguswa kama msokoto laini na hupungua mtu akilala chali. Ngiri hutokea juu kinenani na kushuka, huongezeka mtu akikohoa au akibeba mzigo, na kidole hakiwezi kufika juu yake ili kuitenga na kinena. Kifuko cha maji kwenye epididimisi hukaa nyuma au juu ya korodani, kinatelezateleza, na korodani huguswa nzima chini yake. Kifua kikuu cha epididimisi, ambacho katika Afrika Mashariki hakipaswi kusahaulika, hutoa vinundu vigumu ambavyo navyo huenda visiume, lakini huanzia nyuma ya korodani, na wakati mwingine ngozi hutoboka na kutoa usaha. Kifua kikuu kikisambaa kuingia ndani ya korodani, vidole haviwezi kukitenganisha na saratani. Hapo ni vipimo tu.

Kujinyonga kwa korodani, yaani kujisokota hadi damu ikatike, nako si uvimbe, lakini watu hukuchanganya na haya. Maumivu ya ghafla, makali, ya korodani moja, pamoja na kichefuchefu, kwa kijana au mvulana, yawezekana ni korodani iliyojinyonga. Hiyo ni dharura ya saa, hasa 6 za mwanzo, na haisubiri kesho.

Busha linaloficha kitu

Katika mwambao wa Afrika Mashariki, kuanzia Lamu na Mombasa hadi Tanga, Pwani na Lindi, watu wamelijua busha kwa vizazi kwa sababu ya minyoo ya filaria inayoenezwa na mbu. Mfuko ukijaa, jina linakuwa tayari. Kwa mzee aliyeishi na busha miaka 10, jina hilo huwa sahihi mara nyingi. Kwa kijana wa miaka 22 ambaye mfuko umejaa katika miezi michache, jina hilo linaweza kumgharimu.

Sababu ni kwamba saratani ya korodani yenyewe inaweza kukusanya maji kuizunguka. Maji hayo huzuia vidole kuigusa korodani, kwa hiyo hata mhudumu mwangalifu huondoka na picha ya busha la kawaida. Tochi ikiwekwa nyuma ya mfuko ndani ya chumba chenye giza, maji hupitisha mwanga na mfuko hung'aa mwekundu, ilhali nyama ngumu haipitishi. Kipimo hicho ni kizuri, lakini kinaonyesha tu kwamba maji yapo. Hakionyeshi kilichomo katikati yake. Kijana mwenye busha jipya apigwe altrasaundi kabla ya mtu yeyote kufikiria kuvuta maji kwa sindano au kumpanga kwenye upasuaji wa busha. Ikiwa jina lako limeandikwa kwenye kambi ya upasuaji wa mabusha na wewe ni kijana, uliza wazi: korodani yenyewe imeonekana kwenye picha?

Mtego wa antibayotiki

Njia inayochelewesha watu wengi inaanzia kwenye duka la dawa. Kijana anaeleza kwamba korodani imevimba, muuzaji anafikiri ni gono au maambukizi ya njia ya mkojo, anampa vidonge vya siku 7 au 14. Uvimbe haupungui, anapewa vingine vya nguvu zaidi. Wakati mwingine maji yaliyokusanyika au uchungu mdogo hupungua kidogo, na wote wawili wanaamini kwamba dawa inafanya kazi.

Maambukizi ya epididimisi na korodani yapo, na ni ya kawaida. Lakini yana dalili zake: maumivu yanayoongezeka kwa saa au siku chache, ngozi yenye joto na wekundu, mara nyingi homa, kuwashwa wakati wa kukojoa au kutokwa na usaha uumeni. Kugusa tu kunauma. Uvimbe mgumu usio na hata moja kati ya hayo hauna sababu ya kuanzishiwa antibayotiki kwa kubahatisha. Na hata pale maambukizi yanapoonekana kuwa jibu, dawa zikimalizika na ugumu ukabaki, altrasaundi haipaswi kuahirishwa kwa kozi nyingine. Kozi moja, kisha picha.

Vilevile kuna ile kumbukumbu ya kupigwa. Mpira ulimpiga, alianguka kwenye bodaboda, kwa hiyo uvimbe ni wa jeraha. Pigo halileti saratani ya korodani. Linachofanya ni kumfanya mtu ajiguse mahali ambapo hakuwa akijigusa, na kwa njia hiyo hugundua kitu kilichokuwepo tayari. Damu iliyovia kwa jeraha hupungua wiki hadi wiki. Ambayo haipungui ipimwe.

Vipimo viwili vinavyoamua hatua

Altrasaundi ya korodani haina sindano wala mionzi, huchukua kama robo saa, na hupatikana hospitali nyingi za wilaya na vituo binafsi. Mpimaji anapaka jeli, anapitisha kifaa juu ya mfuko, na anatazama pande zote mbili. Ripoti inapaswa kujibu maswali matatu: uvimbe umo ndani ya korodani au nje yake, ni maji au nyama, na una mtiririko wa damu? Nyama iliyomo ndani ya korodani, inayoonekana nyeusi kuliko tishu inayoizunguka na yenye damu inayopita, inatosha kumpeleka mtu kwa bingwa wa upasuaji wa mfumo wa mkojo bila kungoja kingine. Ripoti iliyoandika tu kwamba korodani imevimba haijajibu swali, na mgonjwa ana haki ya kuomba ielezwe.

Kipimo cha pili ni damu, na kwenye fomu ya maabara utaona herufi AFP, hCG na LDH. AFP na hCG ni protini ambazo baadhi ya saratani za korodani huzitoa kwenye damu. hCG ndiyo ile ile inayopimwa na vipimo vya ujauzito, na ikipanda sana kwa mwanamume inaweza kumvimbisha matiti. LDH haionyeshi ni ugonjwa gani, lakini husaidia kukadiria ukubwa wake.

Watu hukosea mara mbili hapa. Kosa la kwanza ni kufikiri kwamba damu ikiwa safi basi hakuna saratani. Aina moja kubwa, inayoitwa seminoma, haipandishi AFP kabisa, na hCG hupanda kwa sehemu ndogo tu ya wagonjwa wake. Damu safi yenye uvimbe wa nyama kwenye altrasaundi bado ni uvimbe wa nyama. Kosa la pili ni la upande mwingine: AFP hupanda pia kwa ugonjwa wa ini, na homa ya ini aina ya B si jambo geni katika nchi zetu, kwa hiyo namba hiyo isomwe pamoja na picha na hali ya ini. Jambo lisilosameheka ni kupeleka mtu kwenye upasuaji bila damu hiyo kuchukuliwa kwanza. Namba ya kabla ndiyo itakayotafsiri namba za baadaye.

Kwa nini daktari hachomi sindano, na kwa nini anapasua kinenani

Kwa uvimbe wa titi au shingo, watu wamezoea kuona kinyama kikichukuliwa kwa sindano kwenda kupimwa. Wengine huja wakidai hivyo hivyo kwa korodani. Hapa mpango ni tofauti, na sababu yake iko kwenye safari ya korodani kabla mtu hajazaliwa.

Korodani huanzia juu tumboni, karibu na figo, kisha hushuka hadi kwenye mfuko. Zinaposhuka huburuta pamoja nazo mishipa yake ya damu na njia zake za limfu, yaani majimaji ya mwilini yanayochujwa na tezi. Ndiyo maana saratani ya korodani ikianza kusambaa, huenda kwanza kwenye tezi za limfu zilizoko nyuma ya tumbo, kandokando ya mshipa mkuu wa damu, usawa wa figo. Haiendi kwenye mitoki ya kinenani. Ngozi ya mfuko, ambayo haikushuka kutoka juu, ndiyo inayopeleka limfu yake kinenani. Mtu akichoma sindano au akipasua kupitia mfuko, anaweza kumwaga seli kwenye njia ambayo ugonjwa haukuwa nayo, na kuvuruga hesabu ya wapi utafutwe.

Kwa hiyo upasuaji hupita kinenani, juu ya mfuko, kwa mkato wa sentimita chache. Daktari huutafuta mshipi unaobeba mishipa ya korodani, huubana mapema ili damu isibebe seli, huisukuma korodani juu na kuitoa pamoja na mshipi wake. Nyama nzima ndiyo hupelekwa maabara ya patholojia, na jibu lake ndilo hutaja aina ya saratani. Hufanyika kwa ganzi ya mgongo au usingizi, na wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo au kesho yake. Ukiona fomu ya ridhaa inaonyesha mkato wa mfuko kwa uvimbe wa nyama wa korodani, simamisha kwanza na uulize.

Kijana mwenye hofu huuliza kama atabaki mwanamume. Korodani moja nzima hutosha kutoa homoni za kiume na mbegu kwa wengi; nguvu za tendo hazikatwi na upasuaji huu. Hospitali nyingine huweka korodani ya bandia kwa anayetaka. Suala la watoto linahitaji mazungumzo ya mapema zaidi, kwa sababu wengine huwa na mbegu chache hata kabla ya matibabu, na dawa za saratani huweza kuzipunguza. Mbegu zinaweza kugandishwa na kuhifadhiwa katika kliniki za uzazi zenye huduma hiyo, ambazo kwa kawaida ziko miji mikubwa. Zinatakiwa kutolewa kabla ya dozi ya kwanza ya dawa. Anayetarajia kupata mtoto alitaje hili siku anapopangiwa matibabu, si baada yake.

Mfano wenye namba

Tuchukue mfano wa kutunga: kijana wa miaka 24 wa Morogoro, dereva wa bodaboda. Utotoni korodani yake ya kulia ilichelewa kushuka. Hilo pekee linamweka kwenye hatari kubwa kuliko wenzake, hata kama ilishushwa kwa upasuaji, na mhudumu asipouliza inafaa alitaje mwenyewe. Kuwa na ndugu wa tumbo moja au baba aliyepata saratani hii ni kitu kingine cha kutaja.

Jumatatu anagusa kinundu kigumu upande wa kulia. Jumatano yuko hospitali, na dirishani anasema: “Korodani yangu ya kulia ina uvimbe mgumu ndani yake, hauumi, nataka nipimwe altrasaundi.” Sentensi hiyo inafanya kazi kubwa kuliko kusema “nina shida za kiume,” ambayo humpeleka moja kwa moja kwenye dawa za zinaa. Altrasaundi inaonyesha nyama ya milimita 18 yenye damu. AFP ni 800, ambapo kiwango cha kawaida huwa chini ya 10 hivi. hCG imepanda kidogo. Anaandikiwa rufaa. Sitiskani, yaani picha ya CT, ya kifua na tumbo haionyeshi kitu. Siku ya 12 tangu auguse, korodani inatolewa kupitia kinenani.

Sasa namba zinaanza kusema. AFP iliyobaki kwenye damu hupungua kwa nusu kila siku 5 hadi 7, iwapo hakuna tena kinachoitoa. Tukitumia siku 7, 800 inapaswa kuwa kama 400 baada ya wiki 1, 200 baada ya wiki 2, 100 baada ya wiki 3, 50 baada ya wiki 4, na chini ya 10 kufikia wiki 7. hCG hushuka haraka zaidi, nusu yake kwa siku moja hadi moja na nusu. Ikiwa damu ya wiki 3 inasoma 110, mambo yanakwenda sawa. Ikisoma 260, na wiki inayofuata 270, basi kuna seli mahali fulani zinazoendelea kuitoa hata kama sitiskani haijaziona, na kijana huyu atahitaji dawa. Ndiyo maana namba moja baada ya upasuaji haitoshi, na anayeambiwa arudi kupimwa damu asione kwamba anasumbuliwa bure.

Mpe sasa kijana huyo huyo miezi 7 ya vidonge na kukandwa kwa mafuta. Anafika akiwa na maumivu ya mgongo wa chini yasiyosikia panadol, kwa sababu tezi za nyuma ya tumbo zimevimba. Huenda anakohoa au anahema kwa shida, ugonjwa ukiwa umefika mapafuni. Kijana mwenye mgongo usiopona anastahili kuulizwa kuhusu korodani zake, na mara nyingi haulizwi.

Ugonjwa unaopona, hata ukiwa umesambaa

Saratani hii ni miongoni mwa zinazotibika vizuri kuliko nyingine zote za viungo vigumu. Nchini Marekani, ikigunduliwa ikiwa bado ndani ya korodani, takriban wagonjwa 99 kati ya 100 huwa hai baada ya miaka 5. Ikifika kwenye tezi za karibu ni takriban 96. Ikifika mbali, kama mapafuni, hushuka hadi takriban 73. Mabadiliko makubwa yalianza 1974, pale daktari Lawrence Einhorn wa Chuo Kikuu cha Indiana alipoanza kutumia sisplatini pamoja na dawa nyingine kwa vijana ambao hapo awali wengi wao walikuwa wakifa. Mwendesha baiskeli Lance Armstrong, aliyegundulika 1996 ugonjwa ukiwa umefika mapafuni na kwenye ubongo, ni mmoja wa waliopona kwa matibabu yenye sisplatini.

Lakini kupona mapema na kupona kwa kuchelewa havina bei moja. Aliyewahi akiwa na ugonjwa wa korodani tu anaweza kuishia kwenye upasuaji na kufuatiliwa, bila dawa nyingine. Aliyechelewa huhitaji kwa kawaida mizunguko 3 au 4 ya sisplatini, etoposidi na bleomisini, kila mzunguko siku 21, ambapo sisplatini na etoposidi hutolewa siku 5 za mwanzo na bleomisini mara moja kila wiki. Sisplatini inaweza kuumiza figo, masikio na mishipa ya fahamu ya vidole, kwa hiyo hutolewa na maji mengi ya mshipani. Bleomisini inaweza kuumiza mapafu. Dawa hizo zinahitaji kutolewa kwa ratiba, bila kuruka mzunguko kwa sababu nauli imekosekana. Kusogezwa kwa mzunguko hupunguza nafasi ya kupona. Nchini Tanzania rufaa nyingi huelekea Taasisi ya Saratani Ocean Road, Muhimbili, KCMC au Bugando. Kenya ina Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, na Uganda ina taasisi yake ya saratani Mulago.

Ukweli mwingine lazima usemwe. Saratani ya korodani huwapata Waafrika kwa uchache sana ikilinganishwa na watu wa Ulaya ya kaskazini. Habari hiyo ni njema kwa taifa, na ni mbaya kwa kijana mmoja aliyenayo, kwa sababu mhudumu anaweza kumaliza miaka mingi ya kazi bila kuiona, akawa haiwazi. Akikuambia kwamba si kitu bila kukugusa, hujapimwa bado. Muombe akushike korodani zote mbili, ukitaka awe mwanamume uliza, na uondoke na karatasi ya altrasaundi.

Baada ya korodani kutolewa na damu kutulia, ufuatiliaji ndio tiba. Mwaka wa kwanza damu hupimwa kila miezi michache, pamoja na sitiskani kwa ratiba ya daktari, kwa sababu wengi ambao ugonjwa hurudi, hurudi ndani ya miaka 2 ya mwanzo. Kwa aliyekuwa na ugonjwa wa korodani tu na hakupewa dawa, kurudi hutokea kwa takriban 15 hadi 30 kati ya 100 kutegemea aina, na karibu wote bado huponywa ikiwa wamekamatwa kwa kipimo cha kliniki badala ya kungoja mgongo uume. Korodani iliyobaki nayo ishikwe mara moja kila mwezi, kwa sababu wachache kati ya waliopata saratani upande mmoja huipata upande wa pili, hata miaka mingi baadaye.